Bega la Njano Ukingoni mwa Picha

Mama mmoja aliingia studio ninakofanya kazi, hapa Tanga, simu mkononi na picha tayari imefunguliwa. Bintiye, bibi harusi, amesimama barazani na gauni jeupe, maua yamechomekwa kichwani. Kando yake yupo bibi yake, kilemba kimefungwa vizuri, bakora mkononi, anamtazama mjukuu wake kana kwamba pale barazani hakuna mtu mwingine. Na kulia kabisa kuna bega. Bega la mgeni aliyevaa dera la njano, aliyejisogeza mbele naye apate picha yake.

"Mwanangu, nitolee hili bega," akaniambia, "lakini mama yangu usimguse."

Alikuwa ameshajaribu mwenyewe nyumbani. Bega lilitoka, maua ya bintiye yakakatwa. Akarudia, safari hii maua yakabaki, viatu vikaenda. Alidhani picha haina dawa. Nami nikamwambia akae kidogo, kwa sababu kilichomsumbua hakikuwa bega, kilikuwa umbo la picha.

Kukropu, kama tunavyosema studio, ni kuchagua mstari picha iishie wapi na kutupa kilicho nje yake. Watu wengi wanapoona mkono au bega limeingia pembeni, macho yao yote huenda kwa mvamizi: ameanzia wapi, nimkate wapi. Mimi huanza upande wa pili. Hutafuta kwanza mhusika anaishia wapi. Katika picha ya yule mama, jibu la haraka lingekuwa kiwiko cha bibi, kwa kuwa ndicho kilichochomoza kuelekea kulia. Lakini nilipoikuza picha na kushuka hadi sakafuni, niliona ncha ya bakora imesimama mbali zaidi ya kiwiko. Bibi yule anaishia pale bakora inapogusa sakafu. Ukimwachia kiwiko ukamkata bakora, umemguta mkono unaoshika fimbo isiyofika chini, na yeyote atakayeitazama picha atahisi bibi anaanguka.

Picha yenyewe ilikuwa na pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Pikseli ni vile vidoa vidogo vya rangi vinavyojenga picha, na ukiifungua kwenye kompyuta unaweza kuvihesabu kuanzia ukingo wa kushoto. Ncha ya bakora ilikuwa kwenye pikseli ya 3150. Bega la njano, kwa mtazamo wa kwanza, lilianzia 3380. Kati yao pana ukuta mweupe mtupu, na mle ndimo mstari unapopita. Mwanya huo ndio unaoamua kama kukropu kutasaidia au hakutasaidia.

Lakini mwanya haukuwa mpana kama ulivyoonekana. Mtu anayeingia pembeni mwa picha mara nyingi huwa karibu sana na kamera, na kamera imelenga watu walio mbali naye. Kwa hiyo bega lake hutoka na ukungu, na ukingo wake haukatiki ghafla bali hufifia polepole mpaka uyeyuke ukutani. Nilipoukuza ule ukuta mweupe niliona umanjano hafifu umeanza tangu 3330, pikseli 50 kabla ya bega lenyewe. Mtu akikata pale jicho linapoona bega limeanza, hubaki na mchirizi wa njano ukingoni. Kwenye kioo kidogo cha simu hauonekani. Ukiichapisha na kuitundika ukutani, kila anayeketi mbele yake atauona, na hatajua ni kitu gani. Njia ya kuutambua ni kuulinganisha ukuta na ukuta: angalia rangi yake katikati ya picha, kisha angalia pale ukingoni. Zikitofautiana, sogeza mstari ndani zaidi.

Nikauweka mstari kwenye 3300. Hapo nilikuwa na pikseli 30 za usalama upande wa ukungu, na 150 kati ya ukingo na bakora.

Sasa lile tatizo la maua na viatu. Programu nyingi za simu, ukigusa sehemu ya kukropu, zinaweza kushikilia uwiano, yaani ukipunguza upana nazo zinapunguza urefu ili picha ibaki na umbo lilelile la 4 kwa 3. Upana wangu ulishuka kutoka 4000 hadi 3300. Kwa uwiano uleule, urefu ungeshuka kutoka 3000 hadi 2475. Na bibi harusi, kuanzia ua la juu kabisa hadi chini ya viatu, alichukua pikseli 2700. Mtu wa 2700 haingii kwenye nafasi ya 2475. Lazima apoteze kichwa au miguu, na ndicho kilichomtokea yule mama mara mbili. Mvamizi alikuwa kulia, lakini aliyeadhibiwa alikuwa juu na chini.

Dawa yake ni kufungua uwiano. Kwenye Google Photos utaona neno `Free`, na kwenye iPhone ni `Freeform`. Ukilichagua, kila ukingo unasogea peke yake, nawe unavuta ule wa kulia tu bila kugusa mingine. Kama picha ni ya kubaki kwenye simu, kazi imekwisha.

Lakini mama alitaka ya ukutani, na fremu zinazouzwa madukani zina maumbo yake. Picha ya 3300 kwa 3000 ni karibu mraba, na haingekaa vizuri kwenye fremu yoyote aliyoiona. Basi badala ya kung'ang'ania picha ya kulala, niliisimamisha. Wahusika wote wawili, kuanzia upindo wa gauni upande wa kushoto hadi ncha ya bakora, walichukua upana wa 1900 tu. Nikauacha urefu wote wa 3000, nikachukua upana wa 2400, kuanzia pikseli ya 900 hadi ile ya 3300. Hilo ni umbo la 4 kwa 5, nalo ndilo umbo la picha ya inchi 8 kwa 10. Na kwa kiwango cha pikseli 300 kwa kila inchi, ambacho ndicho tunachokipenda kwa picha itakayotazamwa kwa karibu, 2400 kwa 3000 inatoa inchi 8 kwa 10 kamili. Hakuna hata pikseli moja iliyolazimika kuvutwa.

Upande wa kushoto ilibaki nafasi ya 350 na kulia 150. Sikuisawazisha. Bibi anatazama kushoto, na mtu anayetazama upande fulani anahitaji hewa mbele ya macho yake kuliko nyuma ya mgongo wake. Nilichohakikisha ni kwamba ile 150 ya kulia inatosha, kwa sababu mdomo wa fremu hufunika ukingo wa picha. Ukifunika nusu sentimita, umekula pikseli 60 hivi. Bakora bado inabaki na 90 za kupumulia.

Yapo mabega ambayo hayatoki hivyo. Mtu akisimama mbele ya mhusika, hata kwa upana wa vidole viwili, mwanya haupo, na kila mstari unaomtoa mvamizi unamkata na mwenye picha. Hapo unaweza kubadili aina ya picha. Kama bega limeziba upindo wa gauni chini, achana na picha ya mwili mzima na upandishe ukingo wa chini mpaka katikati ya paja au kiunoni. Usikate kwenye goti, kifundo cha mguu, kiwiko wala kiganja, kwa sababu kiungo kilichokatwa kwenye maungio huonekana kama kimekatika kweli. Katikati ya paja, jicho huelewa kwamba mguu unaendelea.

Kibaya kuliko vyote ni mkono uliomshika mhusika. Shangazi amesimama pembeni, nusu yake imo kwenye picha, na kiganja chake kimetua begani kwa bibi harusi. Unamkata shangazi, vidole vinabaki. Nimeona picha za namna hiyo zimetundikwa sebuleni, vidole vinne begani na mwenyewe hayupo, na huumia kila nikiziona. Kukropu hakuwezi kuviondoa vidole hivyo. Ni afadhali kumrudisha shangazi ndani ya picha kwa kadiri alivyopigwa, au kuchagua picha nyingine ya dakika ileile.

Kuchagua picha nyingine ndiko alikofanya Alberto Korda, mpiga picha wa Kuba, kwenye picha ambayo wengi tumeiona kwenye fulana na nyuma ya malori bila kujua kwamba imekatwa. Tarehe 5 Machi 1960, Havana, kwenye maombolezo ya waliokufa katika mlipuko wa meli La Coubre, Che Guevara alitokeza jukwaani na Korda akampiga mara mbili, moja ya kulala na moja ya kusimama. Ile ya kusimama ndiyo iliyokuwa na umbo alilolihitaji, lakini kichwa cha mtu mwingine kilitokeza juu ya bega la Che. Ile ya kulala ilikuwa na mtu upande mmoja na majani ya mti upande wa pili, ila kati yao na Che palikuwa na anga tupu. Korda akaichukua hiyo, akakata pande zote mbili, akabaki na uso na ile kofia yenye nyota. Wavamizi wa picha hii walikuwa wengi kuliko wa ile nyingine, lakini walisimama mbali na mhusika.

Jambo moja hunisumbua kila wiki. Watu huleta picha walizotumiwa kwa WhatsApp, na nyingi kati ya hizo hufika zimeshapunguzwa hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. Picha ya yule mama ingefika kwa njia hiyo, baada ya kulitoa bega ningebaki na 960 kwa 1200. Kwenye inchi 8 kwa 10 hizo ni pikseli 120 tu kwa inchi, na nakshi za gauni zingekuwa utando mweupe. Kwa bahati alikuwa amekuja na simu ileile iliyopiga. Anayetumiwa amwombe mwenye picha aitume kama hati, ifike nzima, kabla ya kukata chochote.

Kabla ya kuichapisha niliikuza na kuzizungukia kona zote nne. Chini kulia nilikuta kivuli cha mgeni kimelala sakafuni, kimefika karibu na bakora. Nilikiacha. Barazani pale palikuwa na nguzo, na kivuli kisicho na mwili kinaweza kuwa cha nguzo.

Mama aliipokea picha kwa mikono miwili. Akaangalia maua, akaangalia viatu, kisha kidole chake kikashuka taratibu hadi ncha ya bakora na kutulia pale. Halafu akauliza kama ile nzima bado ipo kwenye simu. Nikamwonyesha: nilihifadhi nakala, ya mwanzo haikuguswa.

"Iache," akasema. "Mwenye dera ni wifi yangu."