Hesabu Zile Zile, Majibu Tofauti

Kampuni mbili za usafirishaji zinamiliki viwanja vilivyofanana, zilivyonunua zamani kwa shilingi milioni 400 kila moja. Mali nyingine za kila moja ni milioni 100. Kila moja imepata faida ya milioni 60 na ina madeni ya milioni 300. (Mfano huu ni wa kubuni, ila hali kama hii hutokea kwenye vitabu vya kweli.)

Kampuni ya kwanza huandika kiwanja kwa bei ya ununuzi. Mali zake zote ni milioni 500, kwa hiyo faida ni asilimia 12 ya mali. Ya pili ilimwita mthamini, akakipandisha kiwanja hadi milioni 900. Mali zake sasa ni milioni 1,000, na faida ni asilimia 6 tu. Kwa kuwa ardhi haikatwi uchakavu, faida yenyewe haikuguswa.

Sasa tazama madeni. Kwa ya kwanza ni asilimia 60 ya mali. Kwa ya pili, asilimia 30. Kampuni ya pili inaonekana mvivu wa kuzalisha faida na wakati huo huo imara zaidi, ilhali hakuna lori lililoongezeka wala deni lililolipwa. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaruhusu njia zote mbili. Anayetaka kulinganisha kwa haki afungue maelezo ya sera za uhasibu nyuma ya taarifa, atafute akiba ya uthamini katika mtaji, kisha aiondoe kabla ya kugawanya.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kenya Airways ilipohamisha mwisho wa mwaka wake wa fedha kutoka Machi 31 hadi Desemba 31, taarifa ya 2017 ilibeba miezi 9 pekee. Kuweka mapato hayo kando ya miezi 12 ya shirika jingine ni kosa. Kuyagawanya kwa 9 na kuzidisha kwa 12 hakutibu yote, kwani safari za ndege zina misimu, na miezi iliyokosekana, Januari hadi Machi, haifanani na Julai au Agosti. Kampuni ya bia ya EABL nayo hufunga hesabu Juni 30. Baa zilipofungwa Kenya Machi 2020, mwaka wake uliishia katikati ya janga. Kampuni inayofunga Desemba ilikutana na janga hilo katika mwaka mzima tofauti.

Ama sekta tofauti, hapo uwiano wenyewe hubadilika maana. Amana za wateja ni deni la benki, hivyo benki yenye afya hudaiwa sehemu kubwa mno ya mali zake. Kiwanda cha bia chenye kiwango hicho kingewatia hofu wakopeshaji. Benki ilinganishwe na benki, tena baada ya kusoma tarehe na sera zao.