Mtoto mwenye usonji akiziba masikio: Ni kelele au ni sikio linalouma?

Mtoto mwenye usonji anapoziba masikio kwa viganja na kuanza kulia, walio karibu naye huwa na majibu mawili ya haraka. Wengine husema ni utundu. Wengine husema ndivyo usonji ulivyo, hakuna la kufanya. Jibu la kwanza humletea mtoto adhabu asiyostahili. La pili huweza kumnyima matibabu, kwa sababu wakati mwingine anachokimbia si kelele bali ni maumivu ya sikio lenye ugonjwa. Mzazi au mlezi anaweza kuzitofautisha hali hizi mbili, na kila moja ina njia yake ya kushughulikiwa.

Kwa nini sauti ya kawaida humuumiza

Watoto wengi wenye usonji wanaosumbuliwa na sauti wakipimwa hupatikana wanasikia kama watoto wengine. Tofauti iko katika jinsi ubongo unavyoipokea sauti. Wengi wetu tukikaa karibu na mashine ya kusaga unga, baada ya dakika chache ubongo huuzoea mlio huo na kuuweka nyuma. Kwa watoto wengi wenye usonji kuzoea huko ni kudogo, na mlio hubaki na makali yaleyale ya mwanzo. Mtoto akisema sauti inamuuma, anaeleza jambo linalomtokea kweli.

Sauti ya ghafla ndiyo mbaya zaidi: honi ya matatu, kengele ya shule, blenda, mtoto mchanga anayelia, mvua inayoanza kupiga mabati. Ndiyo maana mtoto huyohuyo anaweza kupiga sufuria kwa kijiko asubuhi nzima akiwa na furaha, kisha apige mayowe kengele ikilia. Sauti ya sufuria ameianzisha mwenyewe, anaitarajia na anaweza kuikomesha. Kengele haina taarifa. Jambo hilo hufanya baadhi ya watu wazima waseme mtoto anajifanya, ilhali ndilo linalotuonyesha pa kuanzia kumsaidia.

Kwanza, sikio likaguliwe

Mtoto ambaye hazungumzi, au anayezungumza kidogo, hawezi kukwambia kwamba sikio linawasha au linafukuta. Atakuonyesha kwa mwili. Chunguza mambo haya:

- Anaziba, anavuta au anapiga sikio moja tu, si yote mawili.
- Anashika sikio hata mahali penye utulivu, hasa usiku akilala.
- Mabadiliko yameanza ghafla, siku chache baada ya mafua au homa.
- Anakataa kutafuna au kumeza, au anagonga kichwa ukutani wakati hakuna kelele.
- Sikio linatoa usaha, maji au harufu mbaya.

Ukiona moja kati ya haya, mpeleke zahanati au kituo cha afya kabla ya kufikiria jambo lingine. Mhudumu atatazama ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Huenda akapata maambukizi nyuma ya ngoma ya sikio, nta iliyoganda, au punje ya mahindi ambayo mtoto aliiingiza mwenyewe. Yote haya yanatibika. Uvimbe au wekundu nyuma ya sikio, unaolisukuma sikio mbele, ni dharura: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usimwagie mafuta, maziwa ya mama wala mafuta ya taa sikioni, na usichokoe nta kwa kijiti cha pamba au pini. Kijiti husukuma nta ndani zaidi na chaweza kutoboa ngoma. Ikiwa mtoto huogopa kuguswa, mwambie mhudumu mapema. Omba akaguliwe kwanza asubuhi kabla foleni haijajaa, na mtoto apewe nafasi ya kukishika kile kifaa chenye taa kabla hakijamgusa.

Omba pia apimwe usikivu. Kuziba masikio si ushahidi kwamba mtoto anasikia vizuri. Kuna wanaosumbuliwa na sauti fulani na papo hapo hawasikii vyema sauti nyingine, na hilo huchelewesha kuzungumza. Kwa mtoto asiyeweza kutulia na kujibu, kuna kipimo kinachosoma mwitikio wa ubongo kwa sauti akiwa amelala.

Daftari la wiki mbili

Sikio likishakaguliwa, chukua daftari. Kila mtoto anapoziba masikio au kulemewa, andika saa, mahali, sauti iliyokuwapo, na alichukua muda gani kutulia. Fanya hivyo kwa wiki mbili.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 6 aliye shule ya chekechea. Nyumbani wanasema anachukia kelele zote. Daftari laonyesha vingine: matukio karibu yote yanatokana na kengele ya shule, blenda ya mama anayeuza sharubati, na mvua juu ya mabati. Redio haimsumbui, wala mwadhini. Kisha katika wiki ya pili kuna usiku mitatu mfululizo ambapo ameamka saa nane akishika sikio la kushoto, na nje kumetulia. Usiku hiyo mitatu haifanani na matukio mengine. Mama anamrudisha kituo cha afya na anapatikana na maambukizi ya sikio la kati. Akitibiwa, usiku unatulia. Kengele, blenda na mvua zinabaki, na sasa familia inajua ni sauti tatu za kushughulikia, si dunia nzima.

Kupunguza sauti, kutoa taarifa, kumpa usukani

Kwa kila sauti kuna maswali matatu. Je, yaweza kupunguzwa au kusogezwa mbali? Je, mtoto aweza kuambiwa kabla? Je, aweza kuianzisha au kuikomesha yeye?

Blenda ni rahisi. Mama anaiweka juu ya taulo lililokunjwa ili meza isitetemeke, na kuisogeza nje ya chumba anachokaa mtoto. Umbali una nguvu: mahali pa wazi, ukienda mara mbili ya umbali uliokuwapo, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kabla ya kuiwasha anahesabu moja, mbili, tatu kwa vidole, kila siku kwa namna ileile. Baada ya siku kadhaa anamwachia mtoto abonyeze kitufe mwenyewe, awashe na kuzima.

Kengele inahitaji mazungumzo na mwalimu. Mtoto akae mbali na mlango ulio karibu na kengele. Dakika moja kabla haijalia, mwalimu amwonyeshe kadi yenye picha ya kengele, naye avae vikinga masikio au atoke na msaidizi. Shule nyingine hupata kwamba kengele ya mkono, inayoanza taratibu, inatosha kwa madarasa ya wadogo.

Mvua haina mwenye kuizima. Hapo familia inatenga pembe moja ya nyumba iliyo mbali na ukuta wa mabati, yenye godoro, blanketi nzito na pazia. Nguo na magodoro hupunguza mwangwi. Mawingu yakianza kujikusanya, mtoto anaambiwa na kuonyeshwa pembe yake kabla ya tone la kwanza.

Vikinga masikio vina kiasi chake

Vikinga masikio vya kufunika sikio lote, vya aina inayovaliwa na mafundi wa kukata chuma, hupunguza sauti kwa takriban desibeli 20 hadi 30 vikikaa sawasawa. Vya mtu mzima huacha nafasi kwenye kichwa cha mtoto na sauti ikapenya, kwa hiyo tafuta vya kiasi chake na uhakikishe mto wake umegusa ngozi pande zote. Pamba iliyosokotwa sikioni husaidia kidogo sana, na kipande chake chaweza kubaki ndani.

Usimwache avivae kutwa. Sikio lisilopata sauti kwa muda mrefu huweza kuufanya ubongo uongeze usikivu, na sauti za kawaida zikazidi kumsumbua. Avivae kwa tukio linalojulikana, kama vile safari ya matatu, sherehe yenye spika, au dakika za kengele, kisha vivuliwe pakitulia. Ukiona anavidai hata katika chumba kilicho kimya, anza kupunguza muda kidogo kidogo, wala usimnyang'anye kwa siku moja. Akiwa amevivaa barabarani mshike mkono, kwa kuwa hatasikia gari.

Kumzoesha bila kumlazimisha

Wapo wanaosema mtoto apelekwe kwenye kelele mpaka azoee. Njia hiyo humfundisha hofu, na mara ya pili huanza kulia kabla hata ya kufika. Kuzoesha kunakosaidia huanza chini kabisa. Rekodi kengele ya shule kwa simu. Mtoto akiwa ametulia na anacheza mchezo aupendao, mchezee rekodi hiyo kwa sauti ndogo asiyoijali, kwa dakika moja tu. Rudia kila siku. Ongeza sauti hatua moja pale anapopita siku kadhaa bila kushtuka. Akikunja uso au kuinua viganja, rudi hatua moja nyuma. Ni kazi ya wiki nyingi, na ni vyema isimamiwe na mtaalamu wa tiba kazi pale anapopatikana. Usianze akiwa na mafua au sikio linalouma.

Utajuaje kama unafanikiwa? Rudi kwenye daftari. Huenda kengele ikaendelea kumsumbua, lakini kama alikuwa akichukua dakika 40 kutulia na sasa anachukua 10, hatua zako zinafanya kazi. Ikiwa matukio yanaongezeka, rudi kukagua sikio.

Akishalemewa

Wakati huo hasikii maelezo. Punguza sauti yako, tumia maneno mawili au matatu, na umtoe penye kelele. Waombe watu wasogee. Usimkumbatie kwa nguvu kama hapendi kuguswa, usimuulize maswali, wala usimchape. Kaa karibu naye ili asikimbilie barabarani, na umwachie muda.

Pa kwenda

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akuelekeze. Kutoka hapo mtoto anaweza kupewa rufaa ya kwenda kliniki ya masikio, pua na koo, au kwa mtaalamu wa tiba kazi. Kwa masuala ya shule, muulize mwalimu mkuu au afisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Kokote uendako, beba daftari lako. Kurasa mbili za saa, mahali na sauti humsaidia mhudumu kuona mapema ni kelele gani inayomsumbua mtoto, na kama kuna usiku ambapo sikio lenyewe ndilo lililouma.