Kishindo cha Sungura Usiku wa Manane



Umeniuliza kwa nini sungura wako hupiga miguu ya nyuma chini usiku hadi watoto wakaamka, na kama huo ni ugonjwa au ukaidi. Kwa jinsi ulivyoeleza, si ugonjwa wala ukaidi. Anatoa tahadhari.

Sungura tunaofuga majumbani, wawe weupe, weusi au wa kijivu, wote wametokana na sungura wa porini wa Ulaya, ambaye kwao hasa ni Uhispania na Ureno. Huyo si sawa na sungura wa mbugani kwetu, anayelala juu ya ardhi penye nyasi na kutegemea mbio zake. Yule wa Ulaya huishi kwa kundi katika mashimo yenye njia nyingi chini ya ardhi, na hutoka kula jioni na alfajiri. Akimwona mbweha au kuhisi jambo asiloliamini, hapigi kelele. Hugonga ardhi kwa nyayo za nyuma, na kishindo hicho husafiri hewani na ardhini pia. Walio nje hukimbilia mashimoni, walio ndani hawatoki. Wako hana kundi wala shimo, ila tabia amezaliwa nayo, na sakafu ya mbao ya banda lake huzidisha mlio.

Kumbuka pia kwamba anasikia sauti nyembamba ambazo masikio yetu hayazipati kabisa, na macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwonyesha karibu pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukitoka na tochi usione kitu, usiseme hakuna kitu.

Mtazame mwili wake anapogonga. Masikio yakiwa wima, macho yamekodolewa na mwili umekakamaa, ana hofu. Akigonga mara moja baada ya kurudishwa bandani, akakugeuzia mgongo kisha akaendelea kula, amechukia tu, na hilo halihitaji tiba. Jike au dume ambaye hajahasiwa anaweza pia kugonga wakati wa joto la kupandana, huku dume akimzunguka mwenzake au hata miguu yako.

Wako anagonga usiku pekee, tena akielekea ukutani. Jioni ya leo tandaza majivu membamba kuzunguka banda na juu ya ukuta, kisha yakague asubuhi kabla hayajafagiliwa. Nyayo za mviringo zisizo na alama za kucha ni za paka. Alama ndogo ndogo zenye mstari wa mkia ukiburuzwa katikati ni za panya, na panya huyo anafuata chakula kilichobaki, basi kiondoe kabla ya kulala. Mimi namshuku paka, kwa sababu umesema kuna paka shume wanaopita juu ya ukuta huo.

Akiwa ni paka, sogeza banda mbali na ukuta na umwekee ndani kisanduku chenye mlango mmoja ambamo anaweza kujificha mwili mzima. Sungura mwenye pa kujificha hutulia mapema. Upande unaotazama ukuta, funika kwa kanga nyepesi, lakini usizibe banda zima. Sungura hatoi jasho la kumpoza kama sisi, na joto likipita nyuzi 30 linaweza kumuua. Kwa hali ya hewa ya huko Dar es Salaam, upepo ni muhimu kuliko pazia.

Ninachokuomba sana ni usimtoe bandani na kumbeba ili kumbembeleza anapogonga. Mifupa yake ni myepesi mno ukilinganisha na nguvu ya misuli ya miguu ya nyuma. Akirusha teke ukiwa umemshika vibaya, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe, na miguu ikapooza. Kaa karibu, ongea kwa sauti ya chini, mwache aje mwenyewe. Angalia pia chini ya nyayo zake mchana, kwa kuwa sungura hana nyama ngumu ya unyayo kama paka, ana manyoya tu. Sakafu ya waya humtoa vidonda visiginoni, kwa hiyo mwekee ubao na nyasi kavu za kukanyagia.

Sungura anayeumwa kwa kawaida hunyamaza. Hujikunyata pembeni, husaga meno kwa nguvu na kuacha chakula. Hofu ya muda mrefu inaweza kusimamisha utumbo wake, naye hana uwezo wa kutapika. Ukiona hajala kwa nusu siku na hakuna vidonge vya kinyesi bandani, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.