Kujitetea na Kuomba Kupunguziwa Adhabu: Istilahi Mbili Zisizopaswa Kuchanganywa

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, vitabu vya mazoezi ya wanafunzi wa sheria vimehitaji kufasiriwa. Miongoni mwa mazoezi hayo limo moja ambalo mwanafunzi husimama badala ya wakili, akasema kwa niaba ya mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa mara ya kwanza, kabla hakimu hajatoa adhabu. Tafsiri nyingi huliita zoezi hili "utetezi". Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jina hilo halifai, na madhara gani hufuata likitumiwa.

Kujitetea ni kukana kosa, au kutoa sababu ambayo kisheria yamwondolea mtu hatia. Kuomba kupunguziwa adhabu huanzia pale ambapo hatia imekwisha kuthibitika. Mpaka kati ya mambo haya mawili si wa maneno matupu. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka hatua za kupokea ungamo la mshtakiwa. Shtaka na vipengele vyake vyote aelezwe kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka ataje maelezo ya kosa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akisema neno lolote linalotia shaka hatia yake, jibu lake hubadilishwa na kuandikwa kuwa amekana kosa. Bila ya shaka hiyo, hutiwa hatiani, ndipo yasikilizwe mambo yanayohusu adhabu. Hivyo mwanafunzi aliyeambiwa "toa utetezi" katika hatua ya mwisho anaalikwa kurudi nyuma hadi hatua iliyokwisha kufungwa.

Tuchukue mfano tuliojitungia. Karani wa fedha wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenye umri wa miaka 24, amekiri kuiba akiwa mtumishi. Alichukua jumla ya shilingi 480,000 kwa mara sita katika muda wa miezi miwili. Ndugu zake wamekwisha kumrudishia mwenye duka shilingi 300,000, na stakabadhi ipo. Amekaa mahabusu miezi minne. Mwendesha mashtaka amesema hana kumbukumbu za makosa yake ya nyuma. Kosa hili laweza kuadhibiwa kwa kifungo kifikacho miaka 10.

Mwanafunzi wa kwanza alisimama akasema: "Mheshimiwa Hakimu, mteja wangu alikuwa hajalipwa mishahara miwili. Alichukua alichoamini kuwa ni haki yake." Maneno haya yanavutia huruma, lakini yameharibu zoezi zima. Mtu aliyechukua mali kwa kuamini kwa dhati kuwa ana haki nayo ana utetezi kamili mbele ya sheria. Hakimu akisikia hayo hawezi kuendelea kutoa adhabu. Itampasa alifute ungamo na kuanza kusikiliza ushahidi. Kama mteja hakuwa na imani hiyo, wakili amemsingizia jambo. Na kama alikuwa nayo, hakupaswa kukiri kosa. Ukweli huo huo ungeweza kusemwa kwa namna ifaayo: "Alijua kuwa fedha zile si zake. Alikuwa na dhiki kwa kutolipwa mishahara miwili, na dhiki hiyo haimwondolei hatia." Kwa maneno haya hatia imebaki mahali pake, na sababu ya kosa imejulikana.

Mwanafunzi wa pili alianza kwa methali: "Kuteleza si kuanguka." Methali hii husema kuwa mtu hakuanguka, ilhali mteja wake ameanguka na mahakama imekwisha kuandika hivyo. Zaidi ya hayo, ameteleza mara sita. Hapa ndipo istilahi "mkosaji wa mara ya kwanza" inapowapoteza wengi. Maana yake kisheria ni mtu ambaye hajawahi kutiwa hatiani kabla ya shauri hili. Haina maana kwamba kitendo kilitendeka mara moja tu. Wakili anaweza kusema kwa haki kabisa kuwa karani huyu ni mkosaji wa mara ya kwanza, lakini akisema kuwa alikosea siku moja kwa pupa, mwendesha mashtaka atamkumbusha zile siku sita, na baada ya hapo hata maneno yake ya kweli hayatapewa uzito. Afadhali alitaje jambo hilo mwenyewe, pamoja na kuaminiwa kwa karani na tajiri wake, ambako huongeza uzito wa kosa, kisha aonyeshe kilichopo upande wa pili: kukiri mapema kulikowaondolea mashahidi usumbufu, fedha zilizorejeshwa, na miezi minne ya mahabusu.

Kila jambo katika hayo liwe na kitu cha kulithibitisha. Stakabadhi ya shilingi 300,000 ina nguvu kuliko maneno "anajuta sana". Kusema kuwa familia yamtegemea husikika karibu katika kila shauri. Huwa na uzito pale tu inapotajwa ni nani anayemtegemea, kwa jambo gani, na kwa nini hakuna mwingine wa kulifanya.

Neno la tatu lenye kupotosha ni "msamaha". Wanafunzi wengi humalizia kwa kusema, "Tunaiomba mahakama imsamehe." Chini ya Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 45, msamaha wa mtu aliyetiwa hatiani ni mamlaka ya Rais. Hakimu hutoa adhabu, au humwachilia mkosaji kwa mujibu wa sheria, kwa mfano kwa sharti la kutotenda kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa hiyo ombi lazima litaje jambo ambalo hakimu aweza kulitoa.

Kwa karani wetu, kuachiliwa kwa sharti kungekuwa ombi la kupita kiasi, kwa kuwa alivunja uaminifu mara sita. Ombi linaloweza kusikilizwa ni huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Sheria hiyo huruhusu huduma hata kwa kosa lenye kifungo kirefu, mradi mahakama ione kwamba kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, na mkosaji mwenyewe aridhie. Basi wakili ana kazi mbili kwa mpangilio: kwanza aonyeshe kwamba kosa hili halistahili zaidi ya miaka 3, ndipo aombe muda huo utumikiwe nje ya gereza. Anaweza kumaliza hivi: "Mheshimiwa, tunaomba apewe huduma kwa jamii, ambayo ameiridhia, na aamriwe kulipa fidia ya shilingi 180,000 zilizosalia." Mwanafunzi anayeruka kazi ya kwanza humwacha hakimu bila njia ya kisheria ya kumfikisha kwenye ombi.

Kwa sababu hizi tunapendekeza "utetezi" ubakie kwa hatua ya kabla ya hatia, na hotuba hii iitwe "ombi la kupunguziwa adhabu". Mambo yanayotajwa ndani yake yaitwe "sababu za kupunguza adhabu", na kinyume chake "sababu za kuongeza adhabu". Neno "shufaa", lililopendekezwa na baadhi ya wafasiri, lina uzuri wake, lakini ni maombezi ya mtu kwa ajili ya mwenziwe. Halimfai mshtakiwa asiye na wakili, ambaye husimama na kuomba mwenyewe. Huyo ndiye anayehitaji zaidi karani au mkalimani atumie neno sahihi. Akiulizwa "una utetezi gani?" baada ya kukiri, atajibu kwa kukana, na shauri litavurugika. Akiulizwa "una sababu gani za kuomba upunguziwe adhabu?", atajua ni kitu gani anachotakiwa kukisema.