UZI: Ripoti imesema "haikuthibitishwa". Je, ameoshwa?

1/ Kila ripoti ya uchunguzi ikitoka, kambi mbili zinazaliwa hapa. Moja inaimba "ameoshwa!", nyingine "ni mwizi, afutwe leo!" Mara nyingi zote hazijasoma ripoti. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na leo nataka tupite ndani ya ripoti moja polepole. Kisa nimekibuni, ila sheria ni zetu.

2/ Dereva wa kaunti analaumiwa kwamba anauza mafuta ya serikali. Tumwite Dereva A. Kazi ya kwanza ya mchunguzi ni kuvunja lawama vipande: (a) kuna mafuta yaliyopotea? (b) ni A aliyeyauza? (c) A alijaza kitabu cha safari inavyotakiwa? Ukichanganya haya matatu, ushahidi wa moja utabebeshwa lingine. Hapo ndipo mabishano yetu huharibika.

3/ Lawama (a). Risiti za mwezi zinaonyesha lita 240. Mita ya gari imesonga kilomita 1,500. Mwezi ulianza na kuisha tangi likiwa limejaa. Mchunguzi hakukisia matumizi: alijaza tangi, gari likaendeshwa kilomita 100, akajaza tena. Liliingia lita 10. Kwa hivyo 1,500 zilihitaji lita 150. Pengo: 90.

4/ A akajitetea: "Foleni za mjini zinakula mafuta." Ni utetezi wa haki, kwa hivyo unapimwa, haupuuzwi. Tuseme gari lilikula lita 12 kwa kila kilomita 100. Hiyo ni 180. Bado 60 hazina maelezo. Matokeo: imethibitishwa, angalau lita 60 zimepotea. Ona mchunguzi anaandika idadi anayoweza kuitetea, si ile kubwa inayosisimua.

5/ Lawama (b). Mlinzi anasema, "Nilisikia anauza." Kwa nani? Hakumbuki. Wahudumu wa petroli stesheni hawajaona mtungi wowote. Video za kamera zilishafutika. Halafu ikajulikana Dereva B pia alitumia gari hilo na kadi hiyo hiyo ya mafuta, na namba ya siri imeandikwa kwenye mfuko wa kadi. Matokeo: haikuthibitishwa.

6/ Hapa ndipo tunapotelezea. "Haikuthibitishwa" maana yake ushahidi haukutosha kusema ni yeye. Haisemi hakufanya. Kama B angekuwa na gari siku zote mafuta yalipopotea, ripoti ingesema lawama dhidi ya A haina msingi. Hayo ni majibu mawili tofauti.

7/ Na kipimo ni kipi? Kwa kesi ya jinai kortini, lazima kusiwe na shaka ya maana. Kwa nidhamu kazini kipimo ni chepesi zaidi: je, kuna uwezekano mkubwa kwamba ilitokea kuliko kwamba haikutokea? Ndiyo maana mtu anaweza kushinda kesi ya jinai na bado apoteze kazi. Lakini hata kwa kipimo hicho chepesi, uvumi wa mlinzi haufiki.

8/ Lawama (c). Safari 9 kati ya 22 za A hazikuandikwa. A mwenyewe amekubali. Imethibitishwa.

9/ Sasa pendekezo. Adhabu inafuata kilichothibitishwa, haifuati kelele. Kwa A: onyo la maandishi kuhusu kitabu cha safari. Kumkata mshahara kwa lita 60 haiwezekani, kwa sababu hatujui nani alizichukua. Kwa ofisi: kila dereva apate kadi yake, na kila risiti iandikwe kilomita za gari. Bila hiyo, mwezi ujao tutarudi palepale.

10/ Na kama video ingemwonyesha A akimimina kwenye mtungi? Hapo tunaongea utovu mkubwa wa nidhamu, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na faili iende kwa polisi. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinataka kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoelewa, na asikizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Ibara ya 236 ya Katiba nayo inakataza kumfuta au kumshusha cheo afisa wa umma bila kufuata utaratibu wa sheria.

11/ Ukiruka hatua hiyo, mwizi wa kweli anaweza kushinda kesi ya kufutwa isivyo haki, na fidia inalipwa na mimi na wewe. Wanaopiga kelele "afutwe leo" huwa wanamwandalia njia hiyo bila kujua.

12/ Kwa hivyo ripoti ijayo ikitoka, kabla ya kuposti uliza: lawama zilikuwa ngapi? Kila moja imejibiwa peke yake? Mlaumiwa alisikizwa, na utetezi wake ukapimwa? Pendekezo linalingana na kilichothibitishwa? Ripoti ikikosa hata jibu moja hapo, ikosoe kwa hilo. Ukiwa na mfano unaokutatiza, weka hapa chini tuupime, bila majina.