Nyuzi 37.5 kwa Themista: Rezista Ipi Iungwe Nayo?

Mayai ya kuku yaliyo ndani ya mashine ya kutotolesha yenye feni yanataka joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa muda wa siku 21 hivi. Joto likikaa nyuzi moja chini muda wote, vifaranga huchelewa kutoka na wengi huwa dhaifu. Likikaa nyuzi mbili juu, hufia ndani ya ganda. Kwa hiyo anayejitengenezea mashine ya aina hii kwa balbu, feni na ubao wa Arduino hahitaji kipimajoto kinachojua joto la barafu na la maji yanayochemka. Anahitaji kinachosema kweli kati ya nyuzi 35 na 40, basi. Hilo ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata.

Kipimo cha bei nafuu kwa kazi hii ni themista, kile kipande kidogo cheusi chenye waya mbili. Ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda, tabia ambayo Michael Faraday aliiona kwenye salfidi ya fedha mwaka 1833. Inayouzwa zaidi ina ukinzani wa omu 10,000 joto likiwa nyuzi 25. Karibu na joto la mayai, ukinzani huo hupungua kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi moja. Ni badiliko kubwa, na ndiyo sababu kifaa hiki kinapendwa.

Tabu ni kwamba haupungui kwa mstari ulionyooka. Kutoka nyuzi 0 hadi 10 huanguka kwa maelfu ya omu. Kutoka 50 hadi 60 huanguka kwa omu mia kadhaa tu kila mara unapopanda nyuzi chache. Mkunjo huo huelezwa na hesabu fupi inayoitwa mlinganyo wa beta:

```
1/T = 1/T0 + ln(R/R0)/B
```

R ni ukinzani uliopima sasa hivi. R0 ni ukinzani unaoujua tayari kwenye joto T0 unalolijua tayari. Kwa kawaida ni omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Herufi B ndiyo beta, namba inayosema themista yako ni kali kiasi gani katika kubadilika. T na T0 lazima ziwe katika kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273.15. Atakayesahau hilo ataona kwenye skrini namba zisizo na maana yoyote, na angalau kosa la aina hiyo hujitangaza lenyewe.

Kosa la B halijitangazi. Dukani kuna themista za omu 10,000 zenye B ya 3950 na nyingine zenye B ya 3435, na kwa macho zinafanana kabisa. Kwenye nyuzi 25 zote mbili hutoa jibu moja, kwa hiyo ukijaribu mashine mezani asubuhi utaridhika. Lakini ukiwa na ya 3435 mkononi na kuandika 3950 kwenye programu, mashine itaonyesha 37.5 ilhali ndani joto ni karibu 39.5. Mayai yote yataharibika huku skrini ikisema mambo ni shwari.

Tuje kwenye rezista. Arduino haipimi ukinzani, inapima volti. Kwa sababu hiyo tunaunga rezista ya kudumu upande wa volti 5, themista upande wa ardhi, na waya kutoka pale zinapokutana kwenda pini A0. Themista ikipata joto, volti za hapo katikati hushuka. Arduino Uno huzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023, na kwa kuwa hupima kwa kulinganisha na volti zile zile zinazolisha saketi, umeme ukiyumba kidogo jibu haliathiriki. Hesabu ni hii, ikiwa rezista ya kudumu ni ya omu 10,000:

```
int n = analogRead(A0);
float R = 10000.0 * n / (1023.0 - n);
float T = 1.0/(1.0/T0 + log(R/R0)/B) - 273.15;
```

Tuseme n ni 378. R inakuwa omu 5,860. Ukiigawa kwa 10,000, ukatafuta logi asilia yake, ukagawa kwa 3950, kisha ukaendelea na mlinganyo, unapata kelvini 310.68, yaani nyuzi 37.5. Namba ikipanda hadi 379, jibu linakuwa 37.4. Kila hatua moja ya Arduino ni sawa na kama sehemu ya kumi ya nyuzi.

Sasa badilisha rezista hiyo, uweke ya omu 100,000. Volti za katikati zinabanwa karibu na sifuri, na n huzunguka 56 au 57. Ikiwa 57, joto ni 37.4. Ikiwa 56, ni 37.8. Hakuna kitu katikati. Themista haijabadilika wala programu haina kosa, ila karibu nusu nyuzi imemezwa na rezista isiyofaa. Dalili yake ni hiyo hiyo: joto kwenye skrini linaruka badala ya kutambaa.

Hesabu inaonyesha kwamba mabadiliko ya volti huwa makubwa zaidi pale rezista ya kudumu inapolingana na ukinzani wa themista kwenye joto unalolijali. Zingatia hapo: si ukinzani wake kwenye nyuzi 25, ni kwenye joto la kazi. Themista yetu kwenye 37.5 ina omu 5,868, na rezista iliyo karibu zaidi dukani ni ya omu 5,600. Anayepima friji angechagua kubwa zaidi, anayepima tangi la maji ya moto angechagua ndogo.

Wengi huishia hapo, wakaing'oa ile ya 10,000 na kulehemu ya 5,600. Faida yake? Unyeti unaongezeka kwa asilimia 7 tu. Kilele cha mkunjo huo ni bapa, na ukiwa popote kati ya nusu na mara mbili ya thamani bora hupotezi zaidi ya sehemu ya tisa. Isitoshe, kuna gharama isiyoonekana. Umeme unaopita kwenye themista huipasha joto, na inapokea nguvu nyingi zaidi pale pale rezista mbili zinapolingana. Kwa rezista ya 5,600, themista hula miliwati 1.1, kwa ya 10,000, karibu 0.6. Kidude kidogo katika hewa tulivu hupanda nyuzi moja kwa kila miliwati moja au mbili. Kwa maneno mengine, kwa kutafuta asilimia 7 za unyeti unaweza kujiongezea robo nyuzi au zaidi ya uongo. Mimi kwa mashine hii ningebaki na 10,000.

Kuna njia ya kuondoa karibu joto lote hilo: usiilishe themista muda wote. Unga ncha ya juu ya rezista kwenye pini ya kawaida ya Arduino badala ya volti 5, iwashe kwa milisekunde chache, soma, izime. Ukisoma mara moja kwa sekunde, themista haipati nafasi ya kupata moto.

Jambo linaloharibu usahihi kuliko uchaguzi wa 5,600 au 10,000 ni ukweli wa namba iliyoandikwa kwenye rezista. Yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5. Kwa kuwa nyuzi moja ni asilimia 4 za ukinzani, kosa hilo ni nyuzi 1.2, kutosha kuharibu kundi zima la mayai. Yenye mstari wa kahawia mwishoni hukosea asilimia 1, yaani robo nyuzi. Unaweza kuipima kwa mita na kuandika kwenye programu thamani halisi uliyoiona, mradi mita yenyewe ni ya kuaminika.

Ila kuna dawa bora, inayotibu rezista na B kwa pamoja. Hakuna sheria inayosema T0 lazima iwe nyuzi 25. Hiyo ni desturi ya viwanda. Sisi tunaweza kuihamishia pale tunapofanyia kazi. Chukua themista iliyofungwa isipenye maji, maana waya tupu zikilowa, maji hupitisha umeme na joto huonekana kubwa kuliko lilivyo. Itumbukize kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa cha kidijitali, ambacho karibu na nyuzi 37 kwa kawaida hukosea kwa sehemu ya kumi tu. Koroga. Tuseme kipimajoto kinasema 37.4 na programu yako, kwa kutumia 10,000, inasema themista ina omu 5,790. Andika:

```
R0 = 5790; T0 = 310.55;
```

Tazama kilichotokea. Mlinganyo unajali uwiano wa R na R0 tu, na zote mbili zimehesabiwa kwa rezista ile ile. Ikiwa kweli ni omu 9,700 badala ya 10,000, kosa linaingia juu na chini ya mgawanyo na kujifuta. B nayo inabaki na kazi ndogo ya kueleza nyuzi mbili tatu za kando ya 37.4. Hata ukichanganya 3950 na 3435, kwenye 38.4 utakosea kwa kama sehemu moja na nusu ya kumi ya nyuzi, badala ya nyuzi mbili nzima.

Kinachobaki ni rezista isibadilike baada ya zoezi hilo. Za kaboni huyumba na joto la chumba; za filamu ya metali huyumba kidogo sana, na ndizo za kununua. Ziweke nje ya sanduku la mayai. Tena, fanya zoezi ukiwa tayari na mpango wa kuwasha na kuzima, kwa kuwa maji huipoza themista kuliko hewa. Ukiipima majini huku umeme ukipita muda wote kisha ukaihamishia hewani, ile robo nyuzi itarudi, na sanduku litakuwa la baridi kuliko skrini inavyosema.

Kabla ya kuweka mayai, chomoa waya mmoja wa themista na uangalie balbu. Saketi ikikatika, n hukimbilia 1023, hesabu huona ukinzani usio na mwisho, na programu hudhani ni baridi kali, hivyo huwasha balbu bila kuzima. Mstari mmoja unatosha kuzuia hilo:

```
if (n > 1000 || n < 20) digitalWrite(BALBU, LOW);
```

Mstari huo ukae mwisho kabisa wa mzunguko wa programu, baada ya uamuzi wa kuwasha, ili usije ukafutwa na uamuzi huo. Na kama balbu yako inaendeshwa na rilei inayowaka kwa LOW, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, andika HIGH.