Anza na Hitimisho, Rudi Hadi Kichwa

Njia nzuri ya kukagua tasnifu ni kuisoma kinyumenyume. Tuseme kichwa ni "Athari za Chakula cha Mchana kwa Mahudhurio ya Wanafunzi wa Shule za Msingi". Fungua sura ya mwisho kwanza, upigie mstari kila sentensi inayodai jambo. Mwandishi anahitimisha kwamba chakula kimeongeza mahudhurio. Sasa rudi kwenye sura ya mbinu uone mahudhurio yalipimwaje.

Hapo ndipo mambo huharibika. Unakuta aligawa hojaji kwa walimu 60, wakajibu kama wanakubali kwamba watoto wanaokula shuleni hawatoroki. Daftari la mahudhurio halikufunguliwa kabisa. Alichonacho ni maoni ya walimu, nayo yana thamani yake, lakini hayathibitishi ongezeko lolote.

Swali lake la pili lilihusu michango ya wazazi. Hakuna mzazi aliyehojiwa, na hitimisho limenyamaza. Swali hilo litafutiwe data au liondolewe.

Muda ukiwapo, achukue madaftari ya shule zenye chakula na zisizo nacho, ya kabla na baada ya mpango kuanza, alinganishe. Ukiwa umekwisha, kichwa kiwe "Mitazamo ya Walimu kuhusu Chakula cha Mchana na Mahudhurio", na hitimisho liseme kile ambacho walimu wanaamini, basi. Kwangu, hiyo ni kazi ya heshima kabisa. Kinachoniumiza ni kuona kichwa kimebadilishwa huku maswali ya zamani yakibaki kwenye sura ya kwanza na kwenye ikisiri.